Kebo au dambeli? Hesabu yetu ya mabega

Kuna swali ambalo vijana wa jioni wametuuliza mpaka tumechoka kulijibu mmoja mmoja, na sasa kuna sababu ya kulijibu kwa maandishi. Shirika moja linalosaidia ukumbi wetu lilituambia lina pesa kidogo ya vifaa vya mazoezi, tuchague wenyewe. Nusu yetu wakasema tununue mashine ya kebo, kama zile za jimu za Mbarara, kwa sababu bila kebo mabega hayapanuki. Nusu nyingine wakasema dambeli zinatosha. Ubishi ulikuwa mkali kweli. Kabla ya kuandika barua tukakubaliana tufanye hesabu, na hii ndiyo hesabu yenyewe.

Tuanze na upana wenyewe. Sehemu kubwa ya upana wa mabega ni mifupa: urefu wa mitulinga yako, ile mifupa miwili inayotoka chini ya shingo kwenda kwenye ncha za bega. Mtu akishamaliza kukua, hakuna chuma kitakachoirefusha. Kinachobaki ni nyama juu ya mifupa, na nyama ya bega ina sehemu tatu: ya mbele, ya pembeni na ya nyuma. Ile ya pembeni ndiyo inayosukuma umbo kwenda nje unapotazamwa kwa mbele. Sasa shida ya vijana wetu wengi ni kwamba wanapiga pushapu mia kwa siku. Pushapu inalisha kifua, nyuma ya mkono na bega la mbele. Bega la pembeni linabaki na njaa. Ndiyo maana unaona kijana ana kifua kizuri lakini shati linamning'inia kwenye ncha za bega.

Zoezi la bega la pembeni ni moja na linajulikana: kuinua mkono ubavuni mpaka usawa wa bega, ukiwa na uzito mkononi. Sisi hapa tunaliita mabawa. Linaonekana rahisi, na kwa sababu hiyo linaharibiwa kuliko zoezi lingine lolote tulilonalo.

Hivi ndivyo tunavyolifanya. Simama wima, dambeli pembeni ya mapaja. Kunja kiwiko kidogo tu, halafu kiache hivyo hivyo mpaka seti iishe. Usiinue mkono moja kwa moja kwenye ubavu; usogeze mbele kidogo, kama unataka kumkumbatia mtu mnene. Njia hiyo inafuata jinsi bapa la bega lilivyokaa mgongoni, na watu wengi bega haliwaumi wakiifuata. Fikiria kwamba kinachopanda ni kiwiko, sio mkono. Ukifika usawa wa bega, inatosha. Shuka polepole, hesabu moja, mbili, ndipo ufike chini. Tunachagua uzito unaotupa marudio kati ya 12 na 20, na tunasimama pale tunapohisi yamebaki moja au mawili ambayo tungeweza kuyafanya vizuri.

Dalili za kuharibu unaziona kwa macho. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, kazi imehamia kwenye misuli ya shingo, hasa kwa sisi tunaobeba madumu ya lita 20 kila siku na shingo zimeshazoea kufanya kila kitu. Kiuno kikipiga mbele na nyuma kama mtu anayepiga makasia, uzito unarushwa, hauinuliwi. Na kama kesho yake unasikia uchovu shingoni wakati bega la pembeni liko kimya kabisa, punguza uzito hata kwa nusu. Kijana wa kilo 60 anayefanya mabawa safi kwa kilo 5 amefanya kazi ya kweli. Tusidanganyane na wale wa kwenye simu wanaorusha kilo 20.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Kwa nini watu wanaisifu kebo? Wana hoja, na hoja yao ni ya kweli. Dambeli inavutwa chini na ardhi, basi, haina mwelekeo mwingine. Mkono ukiwa umening'inia, uzito uko chini ya bega moja kwa moja, na bega la pembeni halisikii karibu kitu. Chukua mkono wa sentimita 60 kutoka bega mpaka kiganja. Ukiuinua robo ya duara, yaani mpaka usawa wa bega, dambeli iko sentimita 60 mbali na bega, na hapo mzigo ni wote. Ukiwa umeinua theluthi moja tu ya njia hiyo, dambeli iko sentimita 30 pembeni, kwa hiyo bega linasikia nusu ya mzigo. Chini kabisa ni sifuri. Dambeli ya kilo 5 ni nyepesi mwanzoni na nzito mwishoni, siku zote, hata ukiwa bingwa.

Kebo haivuti kwenda chini. Inavuta kuelekea kwenye kapi, lile gurudumu dogo ambalo waya unapita. Ukisimama ubavu kwenye mashine, ukashika kebo kwa mkono wa upande wa mbali, na kapi likiwa limewekwa usawa wa kiganja chako kilichoning'inia, basi kebo inakuvuta kwa pembeni kabisa kuanzia sentimita ya kwanza. Pale ambapo dambeli ilikuwa sifuri, kebo ni nzito kuliko mahali pengine popote. Mkono ukipanda, kebo inaanza kulala kuufuata mkono, na mzigo unapungua. Tulipochora kwenye karatasi kwa vipimo vya mmoja wetu, tukaona kwamba akifika usawa wa bega mzigo unakuwa umeshuka chini ya nusu. Yaani kebo ya namna hiyo ni dambeli iliyogeuzwa kichwa chini.

Lakini angalieni hilo neno, kapi likiwa usawa wa kiganja. Wenzetu wawili waliowahi kulipia jimu mjini wanasema watu wengi huko wanaliacha kapi chini sakafuni. Hapo kebo inavuta kwa mshazari, juu na chini mzigo unakaribiana, na ile faida ya mwanzo mzito inapungua sana. Wakiwa wamesimama karibu kabisa na mashine, na kapi liko karibu na miguu yao, wanakaribia kufanya kilekile ambacho dambeli ingewafanyia, isipokuwa wamelipa. Jambo lingine: namba iliyoandikwa kwenye vyuma vya mashine usiilinganishe na dambeli. Mashine nyingi waya unapita kwenye makapi zaidi ya moja, na 10 iliyoandikwa inaweza kufika mkononi ikiwa 5. Mtu anayerudi kutoka mjini akijisifu kwamba anafanya mabawa ya kilo 10, mwulize kwanza makapi yalikuwa mangapi.

Basi swali likawa hivi. Kama kebo ni nzito pale misuli imevutika, na dambeli ni nzito pale misuli imejikunja, ipi inakuza zaidi? Kwa miaka kadhaa watu wa mazoezi wamekuwa wakisema kwamba misuli inakua vizuri inapobebeshwa mzigo ikiwa imevutika, na kuna misuli ambayo majaribio yameonyesha hivyo. Wengi wakadhani na bega litakuwa hivyohivyo. Mwaka 2025 yakatoka majibu ya jaribio lililolenga jambo hili hasa, lililofanywa na watafiti wa Norwei na wenzao. Waliwachukua watu waliokwisha kuzoea vyuma. Kila mtu alifanya mabawa ya kebo kwa mkono mmoja na ya dambeli kwa mkono mwingine, seti 5, mara mbili kwa wiki, wiki 8. Wakapima unene wa bega la pembeni kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ileile aina inayotumika kumwangalia mtoto tumboni. Mabega yote mawili yalikua, na yalikua karibu sawasawa. Kebo haikushinda.

Tunalipenda jaribio hili kwa sababu mtu alishindana na yeye mwenyewe. Chakula kilekile, usingizi uleule, mwili uleule, tofauti ni mkono tu. Hata hivyo wiki 8 ni muda mfupi, na tofauti ndogo inaweza kujificha humo. Hatusemi kwamba kebo haifai. Tunachosema ni kwamba kama kuna faida, ni ndogo mno kuweza kuamua pesa ya kikundi kizima.

Na kwa yule ambaye roho yake haitatulia mpaka apate ule mwanzo mzito wa kebo, anaweza kuupata bure. Lala ubavu kwenye mkeka. Ukilalia ubavu wa kulia, mkono wa kushoto uko juu, umelala kando ya mwili hadi kwenye paja, na dambeli ndogo kiganjani. Sasa mkono umelala sambamba na ardhi, kwa hiyo mzigo wote uko pale mwanzo, zile sentimita 60 zote. Inua polepole. Mkono ukielekea dari mzigo unakwisha, kwa hiyo usipoteze nguvu kwenda mpaka juu. Simama ulipofika theluthi mbili ya njia, kisha rudi. Utashangaa: anayefanya kilo 5 akiwa amesimama, kilo 2 au 3 zinamtosha kabisa akiwa amelala, maana hakuna pahali pa kurushia. Sisi sasa tunafanya nusu ya seti zetu tukiwa tumesimama na nusu tukiwa tumelala.

Hapa kuna kitu tunataka kukisahihisha kwa vijana wa Rubondo na Juru wanaotumia tyubu za baiskeli. Tunasikia wakiziita kebo ya maskini. Tyubu ni nzuri, ni rahisi kupata, lakini sio kebo. Mpira unavyovutika ndivyo unavyozidi kukaza. Ukiukanyaga kwa mguu na kuinua mkono, chini umelegea, juu unakaza sana. Ni kama dambeli, tena umezidisha tabia ya dambeli. Ukiutaka ufanane kidogo na kebo, ufunge kwenye mti au nguzo usawa wa kiganja, simama mbali ili uwe umekaza tayari kabla hujaanza, kisha ufanye mkono mmoja mmoja. Na uukague kila mara kabla ya kuuvuta. Tyubu iliyopasuka kidogo karibu na kiraka ikikatika inarudi usoni.

Tukaja kwenye seti. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye mabega, kuliko kwenye ubishi wa kifaa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa mwaka 2017 na Brad Schoenfeld na wenzake ulionyesha kwamba kadiri seti za wiki zinavyoongezeka kwa msuli mmoja, ndivyo ukuaji unavyoongezeka, na waliofanya seti 10 au zaidi kwa wiki walitangulia waliofanya chache. Mwaka 2019 wakatazama swali la mara ngapi kwa wiki. Wakaona kwamba kama jumla ya kazi ya wiki ni ileile, kuigawa kwa siku moja, mbili au tatu hakubadilishi sana. Watu wengi husoma hilo la pili na kusema, aha, basi nifanye zote Jumamosi. Sio rahisi hivyo, na daftari letu linaonyesha kwa nini.

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani. Tulimchagua yeye kwa sababu anajua kupima mwili kwa utepe kuliko sisi wote, na kwa sababu haruki siku. Kwanza tulimwacha afanye seti 10 za mabawa, kilo 5 kila mkono, zote Jumamosi, akipumzika dakika moja na nusu kati ya seti. Aliandika hivi: 16, 14, 12, 11, 9, 9, 8, 7, 7, 6. Jumla marudio 99. Kuanzia seti ya sita tulikuwa tunaona mabega yakipanda masikioni, ile dalili tuliyoisema. Wiki iliyofuata akagawa: seti 5 Jumanne, 5 Jumamosi. Jumanne alipata 62, Jumamosi 60, jumla 122. Wiki ya tatu akagawa siku tatu: seti 4 Jumatatu, 3 Jumatano, 3 Jumamosi. Akapata 53, kisha 43, kisha 41. Jumla 137, kwa uzito uleule na seti zilezile 10.

Tuelewane hapo. Marudio 38 zaidi sio bega kubwa zaidi kwa kiasi hichohicho, na wiki tatu mtu anapata pia mazoea ya zoezi, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni ufundi tu. Lakini seti za siku tatu zilikuwa safi mpaka mwisho, na seti za Jumamosi peke yake nusu yake zilikuwa kazi ya shingo. Sababu ya kugawa siku ni hiyo. Siku nyingi hazina uchawi. Zinakupa nafasi ya kufanya seti nyingi nzuri. Bega la pembeni ni msuli mdogo, linachoka haraka ndani ya siku moja, na kwa wengi wetu kesho kutwa yake linakuwa tayari tena. Kwa msuli wa paja tusingesema hivyo kwa ujasiri.

Baada ya hapo fundi aliendelea wiki 16. Wiki nne za kwanza alikaa kwenye seti 8, kisha akapanda 10, kisha 12: nne kwa siku, siku tatu. Kila siku ilimchukua kama dakika 12. Hakuzidi 12, na sisi hatuoni sababu ya mtu wa kambini kukimbilia 20. Kipimo chetu cha kuongeza kilikuwa hiki: kama marudio yanapanda, au yamekaa palepale na bega haliumi, ongeza seti mbili kwa wiki. Kama marudio yanashuka wiki mbili mfululizo, punguza. Siku za kuchota maji mbali hakuzipangia mabawa. Madumu yanachosha mikono na shingo kiasi kwamba seti ya kwanza inakuwa kama ya tano.

Upande wa uzito kulikuwa na tatizo ambalo wasaidizi wetu wengi hawalijui. Kutoka kilo 5 kwenda kilo 7 na nusu ni kuongeza nusu nzima ya mzigo. Kifua kinaweza kuvumilia ruko la namna hiyo, bega la pembeni haliwezi. Mtu anaruka, anaanza kurusha kiuno, na wiki tatu zinapotea. Njia ya kwanza ni kuongeza marudio kwanza: baki na kilo 5 mpaka ufike 20 safi kwenye seti zote, ndipo uongeze. Njia ya pili ni kutengeneza hatua ndogo. Kopo la lita moja likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo 2 na gramu 400. Makopo mawili kwenye ncha za bomba fupi yanakupa dambeli ya kilo 5 na kidogo. Kati ya hizo, chupa ya soda ya lita moja na nusu ikijazwa mchanga mkavu inakaribia kilo 2 na nusu, na unaweza kuipunguza au kuiongeza kwa kikombe. Maji ni rahisi kuliko yote kwa hesabu, lita moja kilo moja, ila yanacheza ndani ya dumu na kukuvuruga mkono. Mchanga ni bora. Tulipima vyote kwenye mizani ya duka la maharage, na mwenye duka alitucheka sana.

Matokeo sasa. Fundi alijipima kwa utepe kuzunguka mabega yote mawili, mahali nyama inapojaa zaidi, mikono imening'inia, akipumua kawaida, asubuhi kabla ya kula. Kila mara tulipima mara tatu tukachukua namba ya katikati, kwa sababu utepe ukipanda au ukishuka kidole kimoja unapata sentimita nzima ya uongo. Alianza 108. Wiki ya 8 alikuwa 109. Wiki ya 16 alikuwa 110 na nusu. Uzito wake ulitoka kilo 58 mpaka 60. Pushapu zake aliziacha kama zilivyokuwa, asiongeze wala kupunguza, ili tusichanganye, ingawa utepe unazunguka na kifua na mgongo wa juu pia, kwa hiyo hatuwezi kusema sentimita zote mbili na nusu ni za bega la pembeni. Yeye mwenyewe anasema kipimo chake ni shati lake la kazi, ambalo mshono wa bega umeanza kukaa mahali pake. Kwa miezi minne, hicho ndicho kiasi. Anayewaahidi zaidi ya hapo kwa mwezi mmoja anauza kitu.

Chakula hatuwezi kukiruka. Kwa anayejenga mwili, kiasi kinachotajwa sana ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 96, na tukisema ukweli hakuna mwenzetu anayeifikia kwa mgao. Fundi alijitahidi kwa maharage kila siku na ndagala mara nyingi awezavyo. Ndagala wakavu ndio wana faida kubwa kwa pesa ndogo: gramu 50, yaani konzi moja nzuri, zina karibu gramu 30 za protini, sawa na mayai matano hivi. Mwezi ambao mgao ulipungua, uzito wake ulishuka nusu kilo na marudio yakashuka naye. Tulimwambia arudi seti 6 kwa wiki, mbili kwa siku, asijilazimishe. Seti chache zinatosha kulinda kilichojengwa, wakati seti nyingi bila chakula zinakuchosha tu. Mgao uliporudi, alipata marudio yake ndani ya wiki mbili. Tunaliandika hili hasa kwa wasaidizi wanaosimamia michezo: mkiona vijana wamedorora kwenye mazoezi, angalieni kalenda ya mgao kabla ya kusema hawana nidhamu.

Kuhusu maumivu, kifupi. Kuwaka moto ndani ya nyama wakati wa seti ni kawaida. Maumivu ya kuchoma juu ya ncha ya bega mkono unapokaribia usawa sio kawaida. Hapo simamisha mkono chini kidogo ya usawa, usogeze mbele zaidi, na usigeuze kiganja kama unamwaga maji kidole gumba kikitazama chini. Mtindo huo umesifiwa sana zamani na mabega ya watu wengi hayaupendi. Kama bega linakuamsha usiku, au mkono unakufa ganzi, acha mabawa uende kituo cha afya.

Turudi kwenye barua. Tulihesabu na foleni. Seti moja ya mkono mmoja kwa kebo ni kama sekunde 45. Mikono miwili dakika moja na nusu, seti 3 dakika nne na nusu kwa mtu mmoja. Jioni tunakuwa 20. Hiyo ni dakika 90 za mashine kwa zoezi moja tu, na giza linaingia saa moja. Halafu waya wa kebo ukianza kuchanika nyuzi lazima ubadilishwe siku hiyohiyo, maana ukikatika mtu anaumia, na waya huo hapa hatuna. Dambeli ikianguka unaiokota.

Kwa hiyo barua imeondoka wiki hii, imeandikwa hivi: jozi mbili za dambeli za kilo 2, jozi tatu za kilo 3, jozi tatu za kilo 4, jozi mbili za kilo 5, jozi moja ya kilo 6 na moja ya kilo 7, mikeka sita ya kulalia ubavu, daftari kubwa moja na utepe wa fundi. Waliotaka kebo wamesaini pia. Mmoja wao aliomba tuongeze mstari mmoja chini, kwamba pesa ikibaki, tununuliwe ndagala, na tumeuandika.